Baba Hayupo, Faili Yake Bado Ipo

Simu ya baba tuliiacha kwa mama. Hatukufunga laini kwa sababu watu wa nyumbani Kongo bado wanapiga namba ile ile, na mama hupenda kuwaambia kwa sauti yake mwenyewe kwamba mzee alituacha. Mwezi wa kumi 2023, miaka miwili na zaidi tangu tumzike hapa Kakuma, ujumbe uliingia kwenye simu hiyo. Ulimsalimu baba kwa jina, ukamwambia ana faini ya shilingi 6,000 kwa kutowasilisha ritani za ushuru.

Mama alinipa simu. "Mtoto yangu, baba yako amekufa. Wanamutafuta wapi?"

Sikucheka. Baba alikuwa na PIN ya ushuru aliyoichukua 2018 alipofungua duka la vyakula Kakuma 1, kwa kitambulisho chake cha mkimbizi. Alinifundisha kwamba mtu akikupa kibali cha kufanya biashara, nawe umpe heshima yake. Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni alikuwa anaenda saiba na daftari lake la mauzo. Mwaka 2021 hakwenda, figo zilikuwa zimeshamlaza. Alifariki tarehe 11 Agosti 2021.

Kwenye wosia alioandika mbele ya mashahidi wawili, alinitaja mimi kuwa mtekelezaji. Vilivyobaki havikuwa vingi: friza mbili, rafu, mizani, bidhaa, na pesa kidogo kwenye simu. Mdogo wangu alitaka friza moja iuzwe agawiwe sehemu yake. Nikamwambia asubiri kidogo. Ujumbe ule ulipoingia, kusubiri huko kukageuka ugomvi. Majirani nao wakaongeza chumvi, wakasema deni la serikali hurithiwa na mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza ni mimi.

Siku ileile niliandika barua kwa ofisi ya ushuru. Nikasema baba amefariki, sisi ni wakimbizi, naomba muda, nitalipa deni lake kidogo kidogo. Bahati yangu, kabla ya kuituma nilimwonyesha msaidizi wa sheria anayekaa na watu wa blok yetu siku za Jumanne. Aliweka kidole kwenye neno "nitalipa".

"Kaka, hapa umejifunga mwenyewe," akasema. "Hili si deni lako."

Alinieleza taratibu, nami nawaandikia kama nilivyoelewa. Deni la ushuru la marehemu hulipwa kutoka kwenye mali aliyoiacha. Mtekelezaji wa wosia anasimama kama mwakilishi wake mbele ya ofisi ya ushuru, kwa hiyo anajibu barua, anajaza ritani zilizobaki, na analipa kwa mali ya marehemu iliyo mikononi mwake. Mali hiyo ikiisha, mfuko wake binafsi haufuati. Lakini akiigawa mali kwanza huku akijua ushuru haujaisha, hapo anaweza kuulizwa yeye. Ndiyo sababu friza ilipaswa kukaa. Mdogo wangu aliposikia kutoka kwa mtu mwingine asiye mimi, alinyamaza.

Jambo la pili lilikuwa kuelewa hizo 6,000 zimetoka wapi. Mtu binafsi asipowasilisha ritani ya mwaka hadi tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, faini ni shilingi 2,000, au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa kama hiyo ni kubwa zaidi. Hata kama hudaiwi hata shilingi, ritani unatakiwa kupeleka. Basi zilikuwa faini tatu: ya mwaka 2020, ya 2021 na ya 2022. Na kama hakuna mtu anayeiambia mitambo kwamba mtu amekufa, kila Juni itaongeza nyingine.

Ukizitazama pamoja ni deni moja. Ukizitenganisha, si sawa. Mwaka 2020 baba alikuwa hai mwaka mzima, ritani ile ni yake kweli. Mwaka 2021 alikuwa hai mpaka tarehe 11 Agosti, kwa hiyo inadaiwa ritani ya kuanzia Januari mpaka siku hiyo. Mwaka 2022 alikuwa kaburini. Mauzo ya duka ya mwaka huo ni ya mama, kwa PIN yake mama.

Kijana wa saiba alitaka kunisaidia kwa njia ya mkato. "Broo, tunajaza sifuri miaka yote, 2022 pia, inakaa sawa." Nilikaribia kukubali. Lakini kumjazia marehemu ritani ya mwaka ambao hakuuishi ni kutangaza kwamba yupo. Ni tamko la uongo, na faili linaendelea kupumua. Miaka yake unaijaza. Miaka isiyo yake unaomba ifutwe, kwa cheti cha kifo.

Cheti hicho nacho kilikuwa na shida yake. Jina la baba linaandikwa kwa Kifaransa likianza na Tsh. Kitambulisho na PIN vilifuata hivyo. Karani aliyeandika kifo alisikia kwa Kiswahili akaandika Ch. Kwa mitambo hao ni watu wawili. Wengi wetu hapa kambini tuna majina ya namna hiyo, kwa hiyo linganisheni herufi kwa herufi kabla ya kusafiri. Mimi nililazimika kuapa hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, nikaambatanisha nakala ya kitambulisho chake.

Kisha mahakama. Wosia peke yake ulinipa jina la mtekelezaji, lakini ofisi nyingi hazikupokei mpaka uwe na hati ya mahakama inayothibitisha wosia. Niliwasilisha ombi Novemba 2023. Tangazo lilitoka kwenye gazeti rasmi la serikali, siku 30 zikaachwa kwa mwenye pingamizi. Hati niliipata Machi 2024. Kugawa mali kulihitaji hatua nyingine tena ya mahakama baadaye, lakini kwa kazi ya ushuru hati hii ilitosha.

Nikaomba kibali cha kutoka kambini, nikaenda Lodwar. Kilichonipeleka ni kitu kidogo: barua pepe. Mwaka 2018 baba hakuwa na barua pepe, basi mwenye saiba aliweka yake. Saiba ile ilishafungwa na mwenyewe alihamia kwingine. Kila nikiomba neno la siri jipya, linakwenda kwa mtu nisiyemjua. Ofisini nilionyesha hati ya mahakama, cheti cha kifo, hati ya kiapo na kitambulisho changu, wakabadilisha barua pepe ikawa yangu. Ndipo nikaweza kuingia iTax kwa PIN ya baba.

Usiku ule tulikaa na mama na daftari la duka. Kuanzia Januari mpaka tarehe 11 Agosti 2021 mauzo yalikuwa 546,000. Bidhaa zilinunuliwa kwa 398,000, pango na usafiri 36,000. Ikabaki faida ya 112,000. Kiwango cha chini cha ushuru ni asilimia 10, ndiyo 11,200. Lakini kila mtu anapewa nafuu ya binafsi ya 2,400 kwa mwezi. Kwa miezi saba tu ni 16,800, inazidi ushuru wenyewe. Ushuru wa kulipa: sifuri. Mwaka 2020 ulitoka sifuri vilevile. Mama alipitisha kidole kwenye mwandiko wa baba, ukurasa wa Julai, ambako herufi zilianza kulegea. Hakusema kitu.

Sifuri hizo zilikuwa na faida nyingine. Sheria iliyopitishwa 2023 ilisamehe faini na riba za vipindi vya hadi tarehe 31 Desemba 2022 kwa mtu asiyekuwa na ushuru wenyewe anaodaiwa. Kwa hiyo faini za 2020 na 2021 hazikuhitaji kulipwa. Lakini msamaha unafuta faini tu. Haufungi faili. Kama ningeishia hapo, Juni ingeleta nyingine.

Basi nikaandika barua ya pili. Msaidizi wa sheria aliniambia iwe fupi, iwe na tarehe, na isiwe na machozi. Naiweka hapa, namba nimeziondoa:

"Yah: Marehemu (jina kama lilivyo kwenye PIN), PIN (namba). Ombi la kufunga faili ya ushuru.

Mwenye PIN hii alifariki tarehe 11 Agosti 2021. Mimi ni mtekelezaji wa wosia wake kwa hati ya mahakama niliyoambatanisha. Ninaandika kwa niaba ya mirathi yake, si kwa deni langu binafsi.

Nimewasilisha ritani ya mwaka 2020, na ya 2021 hadi siku ya kifo. Zote hazina ushuru wa kulipa. Marehemu hakuwa na mapato baada ya siku hiyo.

Naomba: wajibu wake wa ushuru wa mapato usimamishwe kuanzia tarehe ya kifo, faini ya mwaka 2022, na nyingine yoyote ya baada ya kifo, iondolewe, kisha PIN ifutwe. Naomba jibu kwa maandishi likionyesha salio ni sifuri, na mawasiliano yote yaje kwangu kwa anwani iliyo hapa chini."

Niliambatanisha nakala za cheti cha kifo, hati ya mahakama, hati ya kiapo, kitambulisho changu, na risiti za ritani zote mbili. Nilipeleka nakala mbili. Moja wakaipiga mhuri wa kupokelewa na tarehe, nikarudi nayo. Bila mhuri huo, miezi mitatu baadaye huna la kuonyesha.

Angalieni mpangilio wa maombi. Kufutwa kwa PIN kuliwekwa mwisho. Ukiifuta kwanza huwezi tena kujaza ritani iliyobaki, na kama kuna kitu cha marehemu kinachohitaji PIN yake, umekwama.

Jibu lilikuja wiki ya pili ya Juni 2024. Salio sifuri, wajibu umesimamishwa kuanzia tarehe 11 Agosti 2021, PIN imefutwa. Nilichapisha nakala tatu: moja kwa mama, moja kwa mdogo wangu, moja kwenye faili ya wosia. Friza iliuzwa baadaye, mahakama iliporuhusu ugawaji, na mdogo wangu akapata sehemu yake.

Tarehe 30 Juni ilikuwa Jumapili. Mama aliweka simu ya baba mezani tangu asubuhi. Siku ikapita, na wiki iliyofuata pia. Ilipolia hatimaye, alikuwa shangazi kutoka Uvira, anauliza kama ni kweli.

"Ni kweli," mama akamwambia. "Ameisha maliza yote."