Ubora Hukaa Kwenye Kona

Ninapofundisha programu mstari kidato cha nne, wanafunzi hutaka kurukia swali la mwisho: faida kubwa kabisa ni ipi? Grafu haina haraka hiyo. Inatudai kwanza tuondoe yasiyowezekana, na miaka inavyokwenda naona kwamba utaratibu huu unafaa hata nje ya darasa.

Tumchukue fundi seremala anayetengeneza viti na meza. Kiti kimoja hula mbao 2 na saa 4 za kazi, maana kina maungio mengi. Meza hula mbao 4 na saa 3. Kila kimoja humaliza kopo moja la vanishi. Kwa wiki fundi ana mbao 40, saa 60 na makopo 30. Faida ya kiti ni shilingi 20,000 na ya meza ni 30,000. Viti tukiviita x na meza y, hali yake yote inaandikika hivi:

2x + 4y ≤ 40
4x + 3y ≤ 60
x + y ≤ 30
x ≥ 0, y ≥ 0

Kila sharti tunalichorea mstari, kisha tunauliza upande upi utiwe kivuli. Wengi hutazama alama tu na kubahatisha, na hapo ndipo wanapopotea. Njia ya uhakika ni kuchukua nukta isiyo juu ya mstari, kwa kawaida (0, 0), na kuijaribu. Katika sharti la mbao tunapata 0 ≤ 40, nayo ni kweli. Basi upande wa (0, 0) unabaki, na upande wa pili unatiwa kivuli. Mimi hupenda kutia kivuli upande usiotakiwa, ili mwishoni eneo linalofaa libaki jeupe. Ukitaka kujua kama umekosea, chagua nukta yoyote ndani ya eneo jeupe uijaribu katika masharti yote. Ikigoma hata moja, kuna kivuli kilichokaa vibaya.

Eneo jeupe la fundi wetu lina kona nne: (0, 0), (15, 0), (12, 4) na (0, 10). Faida ikipanda, mstari wake husogea sambamba kuelekea nje, na mahali pa mwisho unapoligusa eneo ni kwenye kona. Ndiyo maana tunazipima kona tu. Viti 15 bila meza vinaleta 300,000. Meza 10 bila viti zinaleta 300,000 zilezile. Viti 12 na meza 4 vinaleta 360,000. Kona hii iko pale mbao na saa zinapoishia pamoja. Kumbe mipaka tunayoilaumu ndiyo inayotuonyesha mahali pa kusimama.

Sasa utazame mstari wa vanishi. Umepita mbali, nje kabisa ya eneo jeupe. Fundi akitumia mpango bora anamaliza makopo 16, na 14 yanabaki rafuni. Hata akiongezewa makopo 100, faida yake haisogei. Lakini akipata saa 5 zaidi, kona inahamia kwenye viti 14 na meza 3, na faida inakuwa 370,000. Kwa hiyo saa moja ya ziada ina thamani ya shilingi 2,000 kwake. Kibarua akidai zaidi ya hapo kwa saa, ni hasara kumwajiri. Nimeona watu wakihangaika miaka kutafuta vanishi, yaani mtaji au chumba kikubwa zaidi, ilhali kilichowabana ni muda.

Kona ile pia haitikiswi na kila upepo wa soko. Faida ya kiti isipobadilika, na ya meza ikicheza kati ya 15,000 na 40,000, mpango wa viti 12 na meza 4 unabaki bora. Ikifika 40,000 kamili, mpango huo na ule wa meza 10 pekee inaleta 400,000 sawasawa. Ikivuka hapo, ndipo aache viti. Bei kubadilika si sababu tosha ya kubadili mwelekeo. La kuuliza ni kama imevuka mpaka huo.

Grafu ina ukomo wake: inabeba vitu viwili tu, na wakati mwingine hutoa meza 5 na nusu, ambazo hakuna mteja atakayezinunua. Hata hivyo, swali lake ni zuri kwa yeyote anayepanga. Kabla hujakopa ili kuongeza kitu, hakikisha kwanza kwamba hicho ndicho kilichokwisha.