Aliusikia Wimbo Kila Siku

Ngano ya mtoto aliyezikwa na mama wa kambo niliisikia kwa mama yangu mzazi, kwa Kiha, kabla sijaanza shule. Nyumbani ni Nyabibuye, wilaya ya Kakonko, ambayo wazee wetu bado wanaiita Kibondo kwa sababu tumetengwa juzi tu, mwaka 2012. Kwa wasioijua, inakwenda hivi. Mwanamke anafariki, anaacha binti. Baba anaoa mwingine, kisha anaondoka kwenda kazi ya mbali. Mama wa kambo anaanika maharage ya mbegu, anamwambia binti ayalinde. Binti anasinzia, kuku wanakula. Mama wa kambo anachimba shimo nyuma ya migomba, anamzika mtoto akiwa hai. Nywele zake zinaota kama majani, na kila anayeyagusa anasikia yakiimba. Baba anarudi, anaenda kukata majani ya kuezekea, anausikia wimbo, anafukua, anamkuta mwanawe mzima. Mke anafukuzwa na jembe lake tu.

Ngano za jinsi hii ziko nchi nyingi. Hata Wajerumani wanayo yao, ya mfupa unaoimba na kumtaja muuaji. Kwa hiyo sidai kwamba ni mali ya Waha. Nilichokuwa nacho mimi ni namna ilivyosimuliwa nyumbani kwetu, na nani alikuwa amekaa pale ikisimuliwa. Nitafika huko.

Muhula uliopita, kwenye semina ya fasihi simulizi, tulipewa kazi: chukua ngano unayoijua, isimulie upya kwa mdomo wa mhusika mbaya, kurasa nne. Wengi tulikimbilia mama wa kambo, maana ndiye mbaya wa kila kijiji. Tulisomeana kwenye vimbweta, na baada ya hadithi kama sita niliona zote zinamwokoa kwa ujanja uleule. Katika moja alikuwa amerogwa. Katika nyingine mtoto ndiye alikuwa mkorofi, mwizi, ana mdomo. Katika ya tatu baba ndiye shetani na mama ametumwa tu. Zilisomeka vizuri, tulicheka, tulisikitika. Lakini ukiuliza mwishoni nani alimzika mtoto, jibu lilikuwa hakuna. Uchawi ulimzika. Ukorofi wake mwenyewe ulimzika. Mama ameonewa huruma kwa sababu hana alichofanya, na huyo si mama wa kambo wa ngano tena, ni mtu mwingine kabisa mwenye jina lake.

Kabla ya kuandika, nilijiuliza kwa nini huyu mama ni wa kambo hasa. Ndugu wawili Grimm, Jacob na Wilhelm, walipochapa ngano zao mwaka 1812, malkia anayetaka kumuua binti mweupe kama theluji alikuwa mama yake wa kuzaa. Kwenye toleo la 1819 wakambadilisha, akawa mama wa kambo. Kwa wale watoto wawili walioachwa msituni, Hansel na Gretel, mabadiliko hayo yalikuja mwaka 1840. Yaani ukatili ulibaki palepale, aliyehamishwa ni mtendaji, ili neno mama lisiguswe. Nilipoliona hilo nilielewa kazi yangu ina pande mbili. Huyu mwanamke amebebeshwa ubaya ambao watu hawataki kuuona kwa mama yeyote, na kwa hilo anastahili kusikilizwa. Lakini mtoto yuko shimoni, na kilichomweka pale hakikuwa jina la mtu.

Basi nikampa maisha. Baba wa kwenye ngano anakwenda kazi ya mbali, nami najua mbali ni wapi, kwa sababu wakati wa mkoloni Waha walikuwa wakichukuliwa kwa wingi kwenda kulima mkonge Tanga. Manamba. Unapewa kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi, na siku usiyomaliza ngwe yako haihesabiwi. Mwanamume alitoka Buha akaonekana tena baada ya miaka. Kwa hiyo mama wa kambo wangu ana miaka kama kumi na tisa, ameolewa mwezi wa tano, mume ameondoka mwezi wa saba. Ameachiwa mtoto wa miaka minane asiyemjua, na jembe la marehemu, ambalo mpini wake umelika kwa kiganja cha mwanamke mwingine, kila akilima linamtoa malengelenge mahali pale pale. Ameachiwa pia debe mbili za mbegu ya maharage. Debe mbili ni karibu ekari moja. Mvua zinaanza mwezi wa kumi, na mbegu ikishaliwa hakuna pa kununua nyingine wala cha kununulia.

Sehemu hii niliipa kurasa mbili nzima, nusu ya hadithi. Nataka msomaji aone njaa inakuja kwa hesabu, aone majirani wanavyomtazama mtoto kila akilia, aone anavyoitwa mke wa fulani na kamwe si kwa jina lake. Nikaweka sharti moja: sababu zote ziingie kabla ya shimo. Baada ya shimo, neno "kwa sababu" halitokei tena. Sababu inayotangulia tendo inatuonyesha mtu anavyosogea kuelekea pale. Ileile ukiiweka baada ya tendo inakuwa wakili.

Halafu kuna vitenzi. Sisi tunaosoma Kiswahili tunafundishwa kauli za vitenzi kama jedwali la kukariri, kutenda, kutendwa, kutendeka, tunajibu mtihani tunasahau. Lakini mtoto yeyote aliyewahi kuvunja kikombe anaijua kauli ya kutendeka bila jedwali. "Mama, kikombe kimevunjika." Chenyewe! Mama wa kambo anayejisimulia atataka kusema hivyohivyo: shimo lilichimbika, mtoto alizikwa, mambo yakaharibika. Lugha yetu inamruhusu, sentensi ni sanifu, na mtendaji ametoweka. Nikamruhusu aongee hivyo kuhusu yote mengine. Mume "aliondoka", mbegu "zililiwa", mvua "zilichelewa". Ila ukurasa ule nilimnyima. Pale anasema: nilichukua jembe, nilichimba hadi kiunoni, nilimshika mkono, nilimshusha, nilifukia. Nafsi ya kwanza, mstari kwa mstari. Wakati wa kusoma kwa sauti ile ni-, ni-, ni- inachosha masikio, na hivyo ndivyo nilivyotaka.

Ila kitu kikubwa nilichokipata sikukitafuta. Kilitokea kwa kuhama tu upande. Katika ngano ya kawaida wimbo unasikika mara moja, baba anaporudi. Lakini shimo liko nyuma ya migomba, na nani anapita nyuma ya migomba kila siku? Ni yeye. Anatupa maganda pale, anakata majani ya mgomba pale, anapitia pale kwenda mtoni. Mbegu zilianikwa kabla ya mvua za mwezi wa kumi, na majani ya kuezekea hukatwa mvua zikikoma, mwezi wa tano hivi. Ni zaidi ya siku 200. Aliusikia wimbo kabla ya mtu yeyote, na aliusikia siku zote hizo. Ngano inayosimuliwa upande wa mtoto haina nafasi ya kutuambia hivyo.

Hapo hadithi ilibadilika mkononi mwangu. Shimo lilichimbwa kwa hasira ya jioni moja, na hasira ya jioni moja karibu kila mtu ataielewa. Lakini wimbo unaigeuza kuwa uamuzi wa kila asubuhi, kwa sababu jembe liko palepale ukutani na mtoto bado anaimba. Nikaandika kwamba siku ya nne alibadilisha njia ya mtoni. Kisha akaanza kuimba yeye mwenyewe akipita, kwa sauti kubwa, ili asisikie. Hapo ndipo wasomaji wangu walimwonea huruma kuliko mahali popote, na ndipo hatia yake ilipokuwa kubwa kuliko ilivyo kwenye ngano ya mama. Nilikuwa nadhani vitu hivi viwili vinapimwa kwenye mzani mmoja, kimoja kikipanda kingine kinashuka. Kumbe vinaweza kupanda pamoja.

Niliwapa wenzangu wanne wa hosteli wasome, nikawauliza maswali mawili: nani alimzika, na je, ungemwachia mwanao siku mbili? Mmoja, ambaye siku zote huongea kama anagombana, akasema, "Huyu dada ananiuma roho, lakini mwanangu simwachii hata saa moja." Ukijibiwa hivyo hadithi imekaa sawa. Wakijibu "namwachia", umemsafisha. Wakijibu "simwonei huruma yoyote", basi umeandika ileile ya zamani kwa nafsi ya kwanza.

Sasa nani alikuwa amekaa pale. Baba yangu alikuwa na binti kabla ya kumwoa mama. Ngano hii mama alikuwa akitusimulia sote jikoni, na dada yangu alikuwa akichambua maharage huku akisikiliza hadithi ya mama wa kambo kutoka kwa mama wa kambo. Anamwita Mama mdogo mpaka leo. Mama hakuwahi kumzika mtu. Ila mwaka niliozaliwa dada hakwenda shule, alibaki nyumbani kunibeba mgongoni ili mama alime, na akarudia darasa la tatu akiwa mrefu kuliko wenzake wote. Hakufika sekondari. Mama, nilipomuuliza likizo iliyopita, alinitajia hesabu ya mwaka ule: ekari ngapi, mikono mingapi, baba alikuwa wapi. Ilikuwa hesabu sahihi. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini nilimwona akiwachungulia wenzake wakipita na madaftari." Sikumuuliza zaidi.

Dada nilimtumia hadithi kwa wasap baada ya kuhakikisha nimemweleza kwanza inahusu nini. Kabla hata ya kusoma alikuwa na sharti lake. "Mweleze huyo mama unavyotaka, mdogo wangu, ila usinitoe shimoni kabla sijaimba." Alisema "usinitoe". Kwa hiyo wimbo wa mtoto umebaki mzima, katikati ya maneno ya mama wa kambo, na hauna maelezo yoyote kutoka kwake. Anaurudia tu kama alivyousikia.

Alipomaliza kusoma alinipigia. Aliuliza jambo moja: huyo mtoto akishatolewa, anamwita nani? Nikamwambia hamwiti kitu. Anachukua ndoo, anapita mbele yake, anaenda mtoni kwa njia ya zamani.

"Haya," akasema, kisha akaniuliza bumu limetoka au bado.