Riwaya Moja, Safari Saba

Tangu niache chuo, maktaba yangu ni matatu ya Rongai: saa moja unusu kwenda kwa kibarua mjini, saa moja unusu kurudi. Pesa ya kitabu ni kimoja tu kwa mwezi, so lazima nichague. Cha karatasi ama cha kusikiliza?

Chukua riwaya ya maneno 90,000. Msimulizi husoma kama maneno 150 kwa dakika, kwa hivyo inamchukua saa 10. Mimi kwa macho nasoma kama 250, yaani saa 6. Lakini nikitoka kazini saa moja jioni giza limeshaingia, na taa za zambarau za matatu hazisomeki. Karatasi inabaki na safari za asubuhi pekee, nazo zinaimaliza siku ya 4. Sauti inatumia asubuhi na jioni, na pia inaisha asubuhi ya siku ya 4. Sare.

Kinachoamua ni kelele. Ngoma ikipigwa, naongeza sauti hadi masikio yanawasha, na bado jina la mhusika linanipita. Kurudi nyuma ni kutoa simu kando ya dirisha, na hapo kwenye foleni kuna mikono inayongoja. Kwenye karatasi narudi kwa kidole tu. Halafu kitabu kikiisha, muuzaji wa vitabu kuukuu ananibadilishia kingine kwa kuongeza kidogo. Faili ya sauti haibadilishwi na mtu.

Basi mimi nanunua karatasi. Jioni nafunga macho, nayawaza niliyosoma asubuhi.