“Sawa, Endelea”: Jibu Lililopotelewa na Swali Lake



Kila anayeshika simu ya ofisi, ya msikiti, ya madrasa au hata ya familia nzima, hukutana na ujumbe wenye neno moja tu. “Sawa.” “Endelea.” “Haya.” “Nimekubali.” Kwa aliyeuliza na akawa bado analikumbuka swali lake, neno hilo linatosha kabisa. Lakini simu hubadilishwa, katibu hubadilishwa, ujumbe wa nyuma hufutika, na neno lile lile huwasili kwa mtu asiyejua liliulizwa nini. Nataka tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa sababu mara nyingine neno moja kama hilo hubeba fedha za watu, na mara nyingine hubeba ndoa.

Wanazuoni wa fiqhi walilijadili karne nyingi kabla ya simu. Imamu Suyuti, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505), aliitaja katika kitabu chake cha kanuni za fiqhi kanuni isemayo, kwa maana yake, kwamba swali huhesabika kuwa limerudiwa ndani ya jibu. Kanuni hiyo hiyo iliingizwa pia katika Majalla, sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya iliyoandikwa kati ya mwaka 1869 na 1876, ikiwa kifungu cha 66. Mtu akiulizwa, “Je, fulani anakudai shilingi 200,000?” naye akajibu “Naam”, basi amekiri deni la shilingi 200,000, ingawa ulimi wake haukutamka deni wala kiasi. Deni na kiasi vimo katika swali, na “naam” yake imevichukua vyote.

Ukiigeuza kanuni hiyo, utaiona hukumu ya jambo letu. Ikiwa maana ya jibu imekaa ndani ya swali, basi aliyelikosa swali amelikosa jibu pia. Anachokiona kwenye kioo cha simu ni chombo kitupu. Anaweza kukijaza kwa dhana yake, lakini kilichojazwa kitakuwa ni kauli ya mpokeaji, si ya mtumaji. Wanazuoni walikwisha kusema kwamba aliyenyamaza hasingiziwi kauli. Na aliyesema neno moja lisilojulikana lilikuwa la nini, hali yake iko karibu mno na ya aliyenyamaza.

Hapa petu Balangdalalu kuna jambo la kuongezea. Wazee wetu wengi wa Kibarbaig na Kiiraqw wamekua na lugha zao, na Kiswahili ni lugha yao ya pili. Ujumbe wa simu husomewa na mjukuu, na mjukuu huyo huyo ndiye huandika jibu. Mzee hutoa maelezo marefu, mtoto akaandika “Sawa”. Tena “sawa” yenyewe si neno la maana moja. Yupo anayesema “sawa” akikusudia kuwa amesikia tu, yupo anayekusudia kuwa amekubali, na yupo anayekusudia kuwa mazungumzo yaishie hapo kwa leo.

Wengi hudhani kwamba laini ikihamishwa kwenye simu nyingine, mazungumzo nayo yanahama. Sivyo. Laini hubeba namba. Ujumbe wa maandishi kwa kawaida hubaki ndani ya simu ya zamani, na simu hiyo ikiharibika, nao umekwenda. Ujumbe mpya unapoingia huja na namba ya mtumaji, saa na maneno yake. Hauji na kumbukumbu ya swali ulilokuwa ukilijibu. Hata kwenye WhatsApp, mwenye simu mpya asiyerejesha akiba ya mazungumzo huanza na ukurasa mweupe.

Nitoe mfano mmoja uliopita mikononi mwangu, nikiwa nimebadilisha baadhi ya mambo ili wahusika wasijulikane. Simu ya kamati ilikuwa imeharibika, na laini ikawekwa kwenye simu nyingine. Siku ya pili yake ukaingia ujumbe kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa safarini na mifugo: “Sawa, endelea.” Hapakuwa na kitu kingine juu ya maneno hayo.

Hatua ya kwanza ilikuwa ni kutafuta swali mahali pengine kabla ya kumsumbua mzee. Simu si kumbukumbu pekee ya kamati. Lipo daftari la vikao, zipo stakabadhi, na yupo imamu. Katika daftari nilikuta kwamba mzee yule alikuwa ameahidi mabati 20 kwa ajili ya paa la madrasa, na mweka hazina alipaswa kumuuliza kama yanunuliwe Katesh kwa bei iliyopatikana. Imamu naye akanieleza kwamba, kupitia simu hiyo hiyo na wiki hiyo hiyo, alimuuliza mzee kuhusu nikaha ya binti yake: je, anamwakilisha imamu kuifungisha, au atasubiriwa arudi?

Msomaji ataona mara moja uzito uliopo. Maswali mawili yalikuwa njiani, na jibu lilikuwa moja. Likiwekwa kwenye mabati, ni idhini ya manunuzi. Likiwekwa kwenye nikaha, ni wakala wa walii, na kwa wakala huo ndoa hufungwa. Mabati yakinunuliwa kimakosa, yanaweza kurudishwa dukani au kulipiwa baadaye. Nikaha iliyofungwa kwa idhini isiyotolewa hairudishwi dukani. Upande wa bwana harusi walikuwa na haraka, na mjumbe wao alipousikia ujumbe ule alisema, “Walii ameshasema endelea, tunangoja nini?” Nikamjibu, “Ndugu yangu, amesema endelea. Hajasema na lipi.”

Hatua ya pili ilikuwa ni kumjibu mzee. Niliandika hivi: “Assalaam alaykum, shikamoo mzee wangu. Mimi ni katibu wa msikiti. Nimepata neno lako ‘Sawa, endelea’. Simu hii ni mpya, na maneno ya nyuma hayaonekani. Naomba uniambie tuendelee na jambo gani. Mpaka utakaponijibu, hatujafanya lolote.”

Tazama yaliyomo. Salamu kwanza, kisha ninayemwandikia ajue anaongea na nani, kwani huenda yeye anadhani anamjibu imamu. Halafu nimemrudishia maneno yake yenyewe, ili ajue ni ujumbe upi ninaouzungumzia. Nimemweleza kwa nini ninauliza, asione kwamba maneno yake yamepuuzwa. Mwisho nimemwambia hali ilivyo: hakuna lililofanyika. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayomlinda, kwa kuwa aliyeandika “endelea” huenda akaketi akiamini mambo yanakwenda.

Tazama pia nisichoandika. Sikuuliza, “Je, ulikusudia nikaha?” Swali la namna hiyo hujibiwa kwa “sawa” nyingine, na tungerudi palepale. Swali linalofaa ni lile ambalo neno “sawa” haliwezi kulijibu. Wala sikutaja habari za binti kabisa, maana sikujua ni nani atakayeusoma ujumbe huo kabla ya mzee. Mambo ya ndoa, ya madeni na ya maombi ya zaka si ya kuorodheshwa kwenye simu inayosomwa na watoto. Yakihitaji kutajwa, hutajwa kwa sauti, na mwenyewe akiwa upande wa pili.

Jibu halikuja siku ile kwa sababu ya mtandao. Kesho yake alasiri imamu alimpata kwa sauti na kumuuliza, “Mzee, uliposema tuendelee, ulikuwa unazungumzia jambo lipi?” Akajibu kuwa ni mabati. Na ile habari nyingine? Akasema hajaitolea neno. Anasubiri amsikie binti mwenyewe, na anataka arudi akae na ndugu zake. Mabati yakanunuliwa, na nikaha ikangoja.

Ipo hali nyingine ambayo kanuni yake ni kali zaidi, nayo ni pale namba inapokuwa ngeni na jambo likawa la fedha. Watanzania wote wanaujua ujumbe usemao “ile pesa itume kwenye namba hii”. Tapeli anayeutuma haijui pesa yoyote. Ametupa neno “ile”, akitumaini kwamba miongoni mwa watu wengi atakaowapelekea, mmoja atakuwa na pesa aliyokuwa anataka kuituma, na mtu huyo atalijaza neno “ile” kwa mkono wake mwenyewe. Ujanja wake wote umesimama juu ya tabia yetu ya kukamilisha maneno ya wengine.

Kwa hiyo, kwa namba usiyoijua, usimpe mtumaji machaguo. Ukimuuliza, “Ni ile ya mabati au ile ya futari?”, umemkabidhi majibu mawili achague. Muulize yeye ni nani na ni jambo gani, kisha unyamaze. Akitaja jina la ndugu au mwenzako wa kamati, mpigie huyo mwenzako kwa namba yake ya zamani unayoijua, si kwa namba iliyoletwa. Ukithibitisha kuwa ni utapeli, namba hiyo huripotiwa kwa kuituma kwenda 15040, kama Mamlaka ya Mawasiliano inavyoelekeza.

Yamebaki machache ya kuzuia shida hii isizaliwe. Anayeuliza aweke jambo moja katika ujumbe mmoja, na asitume swali la pili kabla la kwanza halijajibiwa. Anayejibu achukue kipande cha swali akiweke ndani ya jibu: badala ya “Sawa”, aandike “Sawa, mabati 20 yanunuliwe.” Ni maneno matatu ya ziada, lakini jibu hilo litaeleweka hata likisomwa na katibu mwingine, kwenye simu nyingine, mwaka mwingine. Kwenye WhatsApp, kuuvuta ujumbe pembeni kabla ya kuujibu huliambatisha swali na jibu lake. Wafundisheni wajukuu wawafanyie wazee hivyo.

Na anayekabidhi simu ya kamati asikabidhi simu peke yake. Akabidhi pamoja nayo karatasi ya maswali ambayo hayajajibiwa: nani aliulizwa, aliulizwa nini, na lini. Sisi sasa tunayo karatasi hiyo ndani ya jalada la daftari la vikao. Kila “sawa” inayoingia huandikwa mbele ya swali lake, na isiyo na swali huachwa pembeni mpaka mwenyewe aulizwe.

Wabillahi tawfiq.