«Mkutano wa mwisho» ni upi: uliopita au wa kufunga?

Ndugu wasikilizaji wa Butembo na Beni, na ninyi familia mliokimbia vita mkapokelewa katika miji yetu, leo sileti habari ya barabara wala ya soko. Ninaleta habari ya neno moja ambalo tunalitumia kila siku, nalo linaweza kumnyima mtu msaada wake. Neno hilo ni «mwisho».

Mtu akisema «mkutano wa mwisho», anaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza ni mkutano ule wa karibuni, tuliotoka kuufanya, na mingine itafuata. Ya pili ni mkutano wa kufunga kazi, ambao baada yake hakuna mwingine. Ya kwanza inatazama nyuma, ya pili inafunga mlango. Tunayasema yote mawili kwa maneno yale yale.

Nitoe mfano mmoja niliouona katika eneo moja la wakimbizi wa ndani, upande wa Beni. Siku ya Ijumaa karatasi ilibandikwa ukutani. Iliandikwa hivi: «Mkutano wa mwisho: Alhamisi. Liste ya mwisho: iko kwa prezida wa komite.» Mama mmoja, mwenye watoto watano, alikuwa amehudhuria mkutano wa Alhamisi iliyotangulia, yaani siku moja tu kabla ya karatasi ile. Katika mkutano huo jina lake lilisomwa. Aliposomewa karatasi, akaielewa kwa njia iliyo ya kawaida kabisa: wanasema juu ya mkutano wa jana, na liste ni ile ambayo jina langu limo. Akapanga kwenda kulima shamba la watu kwa wiki nzima ili apate chakula cha watoto.

Nilikuwa pale kwa kazi yangu, naye akanieleza mipango yake. Nikamwambia: «Mama, twende kwanza kwa prezida.» Tukaenda. Mama akauliza: «Papa prezida, huu mkutano wa Alhamisi ndio wa mwisho?» Akajibu: «Ndiyo mama, ndio wa mwisho.» Mama akafurahi, akageuka kutaka kuondoka. Kila mmoja alikuwa amesema ukweli, na bado hawakuwa wameelewana hata kidogo.

Hapo nikauliza kwa namna nyingine: «Papa, baada ya Alhamisi hiyo, mtakutana tena kabla ya jetoni kugawiwa?» Akasema: «Hapana. Alhamisi inayokuja tunafunga. Asiyekuwepo na kadi yake, jina lake linatoka.» Mama akashika kichwa. Alhamisi ya karatasi haikuwa ya jana, ilikuwa ya wiki iliyofuata. Na liste «ya mwisho» haikuwa ile aliyosikia ikisomwa, ilikuwa nyingine, ambayo ilipaswa kufungwa siku hiyo.

Kwa nini jambo hili lilipita bila mtu kuliona? Sababu iko katika lugha yenyewe. Tunapoongea, mara nyingi kitenzi ndicho kinachotuokoa. Ukisema «mkutano wa mwisho utafanyika Alhamisi», kila mtu anajua ni wa kufunga, kwa sababu mkutano uliokwisha hauwezi kufanyika kesho. Lakini ukisema «mkutano wa mwisho ulikubali hivi», tayari kuna shaka, kwa maana wa kufunga nao unaweza kuwa umekwisha kupita. Na karatasi ya ukutani, au ujumbe mfupi wa telefoni, mara nyingi haina kitenzi chochote. Ina jina, nukta mbili, na siku. Msomaji anabaki kujaza pengo mwenyewe, naye anajaza kwa yale anayoyajua. Aliyehudhuria jana anafikiri ya jana. Anayepanga kazi anafikiri ya kesho.

Kifaransa, ambacho ripoti nyingi za kwetu zinaandikwa kwanza kabla ya kuletwa kwa Kiswahili, hakitusaidii sana. Kwa wiki, mwezi au mwaka, neno lao likikaa nyuma ya jina maana yake ni wiki iliyopita, na likikaa mbele ni wiki ya kufunga. Lakini kwa mkutano na kwa liste, kwa kawaida linakaa mbele, na maana zote mbili zinabaki wazi. Mtafsiri anayeandika tu «wa mwisho» anahamisha shaka ile ile kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Sisi wa Beni na Butembo tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa tulipitia nalo katika Ebola. Kumbukeni. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia upande wa Mangina, ukaua zaidi ya watu 2 200 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Tarehe 3 Machi 2020, mgonjwa aliyekuwa amebaki katika kituo cha matibabu cha Beni alitoka akiwa amepona. Wauguzi waliimba na kucheza. Kila mahali tulisikia maneno haya: mgonjwa wa mwisho ametoka.

Wa mwisho kwa maana gani? Siku ile hakuna binadamu aliyeweza kujua. Yule alikuwa mgonjwa wa karibuni, hilo lilikuwa hakika. Kama alikuwa pia wa kufunga, ni siku tu zingesema. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lina kanuni ya siku 42. Mtu aliyeambukizwa Ebola anaweza kukaa mpaka siku 21 kabla ya kuonyesha dalili. Wanachukua hizo 21 mara mbili, wakihesabu tangu mgonjwa wa karibuni apimwe mara mbili bila kuonekana virusi, au tangu azikwe. Kama katika siku hizo 42 hakuna mwingine aliyepatikana, hapo ndipo mgonjwa «wa karibuni» anakuwa mgonjwa «wa kufunga». Kabla ya hapo ni mmoja tu wa maana mbili.

Tangazo la kumaliza ugonjwa lilikuwa linasubiriwa tarehe 12 Aprili 2020. Tarehe 10 Aprili, ikibaki siku mbili tu, mgonjwa mpya alithibitishwa hapo hapo Beni, baada ya siku 52 bila mgonjwa yeyote mpya. Wengi walikasirika. Walisema: «Mlituambia yule alikuwa wa mwisho, huyu ametoka wapi?» Nilisikia maneno hayo sokoni, mbele ya kanisa, kwenye vituo vya motari. Wengine waliona ni uongo, kwamba kuna watu wanaotaka ugonjwa usiishe ili wale pesa. Lakini neno lilikuwa limefanya sehemu yake katika hasira hiyo. Watu waliambiwa «wa mwisho» wakasikia «wa kufunga», wakati madaktari walikuwa na hakika ya «wa karibuni» peke yake.

Hesabu ilirudi kuanza. Ilianza tena tarehe 14 Mei 2020, na tarehe 25 Juni 2020 waziri wa afya akatangaza kwamba ugonjwa ule wa kumi umekwisha. Safari hii ulikwisha kweli. Hata hivyo hatukuweza kuuita Ebola «ya mwisho» kwetu. Tarehe 7 Februari 2021 ikatangazwa tena, baada ya mwanamke mmoja kufariki hapa Butembo, na ikamalizika tarehe 3 Mei. Tarehe 8 Oktoba 2021 ikarudi Beni mpaka 16 Desemba. Tarehe 22 Agosti 2022 ikatangazwa Beni kwa mara nyingine, kwa mgonjwa mmoja, ikafungwa tarehe 27 Septemba. Ndiyo maana watu wa afya hawapendi kusema tu «Ebola ya mwisho». Wanaipa kila moja namba: ya 10, ya 12, ya 13, ya 15. Namba haidai kwamba hakuna nyingine itakayofuata, tena haimchanganyi mtu.

Sasa turudi kwenye mikutano na liste zetu, maana njia ya kutoka ni ile ile. Ukiwa na shaka, usiulize «ni wa mwisho?». Mwenye maana hii na mwenye maana ile, wote watakujibu «ndiyo», kama prezida yule. Uliza: «Baada ya huu, kuna mwingine?» Swali hilo lina majibu matatu, na kila moja linakupa njia.

Akisema «ndiyo, kuna mwingine», basi alikuwa anasema ule wa karibuni. Mwombe tarehe ya unaofuata. Akisema «hapana, tunafunga», basi panga kazi zako zote kandokando ya siku hiyo, na uulize nini kitampata asiyekuwepo. Akisema «hatujui bado», jibu hilo nalo ni la ukweli, kama lile la Machi 2020. Hapo msilitumie neno «mwisho» kabisa. Semeni «mkutano wa tarehe fulani», mpaka siku mtakapokuwa na hakika.

Na ninyi mnaoandika karatasi, wakuu wa mitaa, makomite, watu wa mashirika, maneno ya kutofautisha tunayo, wala si magumu. Kwa ule wa karibuni andikeni «uliopita» au «uliotangulia». Kwa ule wa kufunga andikeni «wa kufunga», na mwongeze kitenzi: «utafanyika». Kisha wekeni tarehe, si jina la siku peke yake, kwa sababu Alhamisi zinafanana zote. Kwa liste, andikeni juu yake siku ilipotengenezwa, na kama majina bado yanaweza kuongezwa au la. Wakati familia inashika liste mbili mkononi, tarehe ndiyo itawaambia ipi inafuta nyingine.

Prezida yule, nimheshimu, hakubishana. Alitoa karatasi ile, akaomba kalamu, akaandika nyingine: «Mkutano wa kufunga liste utafanyika Alhamisi ijayo, tarehe 14. Kila familia ije na kadi. Baada ya siku hiyo hakuna jina litakaloongezwa.» Kabla jioni haijafika, familia tatu nyingine zilikuja kuuliza, maana nazo zilikuwa zimeelewa kwamba karatasi inasema ya jana. Moja ilikuwa imekwisha kufunga mizigo kwenda Oicha.