Dakika Moja ya Kusoma

Ndugu msomaji, huenda mtoto wako wa Darasa la Pili amekwisha kuitwa pembeni na mwalimu mwenye saa mkononi, akaambiwa asome hadithi fupi kwa sauti. Nami nilikuwa mwalimu wa namna hiyo nilipokuwa mwanachuo wa ualimu huku Butimba, Mwanza. Utafiti wangu ulihusu wepesi wa kusoma, nao niliufanya katika shule moja ya msingi ya kijiji cha wavuvi ufukweni mwa ziwa. Nakusimulia kosa nililolifanya huko, kwa sababu lilikaribia kumdhuru mtoto asiye na hatia.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mtoto hupewa kifungu cha maneno kama 60, naye husoma kwa sekunde 60. Mwalimu ana nakala yake, na kila neno lililokosewa hulikata kwa mstari. Mtoto akikwama kwa sekunde 3, huambiwa aendelee na neno linalofuata, na lile lililomkwamisha huhesabiwa kosa. Dakika ikiisha, mwalimu hutia alama mahali mtoto alipofika, hutoa makosa, na yanayobaki ndiyo maneno sahihi kwa dakika. Kisha huuliza maswali machache kuhusu sehemu iliyosomwa tu. Kigezo kilichowekwa nchini kwa Darasa la Pili, baada ya tathmini ya kitaifa ya mwaka 2013, ni maneno 50.

Siku ya kwanza alikuja mvulana mchangamfu. Nilimpa kifungu cha maneno 56 kutoka katika kitabu cha darasa, akakimaliza kwa sekunde 48, makosa mawili tu. Maneno 54 kwa sekunde 48 ni sawa na 67 na nusu kwa dakika. Nilifurahi mno! Baada yake akaja msichana mpole, akafika neno la 36 dakika ilipokwisha. Nilikuwa nimekata maneno 15, hivyo nikamwandikia 21. Mwalimu wa darasa alikuwa akiingoja orodha yangu ili apange nani aketi na wasiojua kusoma, na nani arudie darasa.

Kwa bahati njema, mwanachuo mwenzangu alikuwa ameketi kando yangu akimpima msichana yule yule kwa karatasi yake. Tulipolinganisha, yeye alikuwa na 30. Watu wawili waliomsikia mtoto mmoja wakipishana kwa maneno 9, ujue kasoro ni ya wapimaji, wala si ya mtoto.

“Ndugu yangu,” aliniambia, “huyu amesoma ‘lafiki’ na ‘mlefu’ kama wanavyosema nyumbani kwao. Ulimi wake ndio huo, lakini neno amelitambua.”

Kweli, maneno 6 niliyoyakata yalikuwa ya namna hiyo. Mengine 3 msichana alikuwa ameyakosea, kisha akarudi akajisahihisha mwenyewe. Kwa kanuni, neno lililojisahihishwa ni sahihi. Makosa halisi yakabaki 6. Kati ya maswali manne niliyomwuliza, alijibu matatu.

Hapo nikamkumbuka mvulana wangu, ambaye alikuwa amejibu swali moja tu kati ya matano. Nikamwita tena, nikampa ukurasa ule ule, lakini mstari wa mwisho nikaufunika kwa karatasi. Aliusoma wote, pamoja na ule asiouona! Darasa lilikuwa limekiimba kifungu kile kwa majuma mengi. Nilipompa kifungu kipya, alipata maneno 14.

Tangu hapo hatukutumia tena kitabu cha darasa. Tuliandika vifungu vipya, tukavijaribu kwanza kwa watoto wengine, na kabla ya kupima tukakubaliana juu ya matamshi.

Jambo jingine nililojifunza ni kutolinganisha hesabu zetu na majedwali ya lugha za kigeni. Neno la Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. “Hawakuwaona” ni neno moja lenye silabi sita, na Mwingereza angelihitaji maneno matano kuyasema hayo. Hata kati ya vifungu viwili vya Kiswahili, chenye maneno marefu kitampunguzia mtoto hesabu ingawa uwezo wake haukubadilika.

Orodha ya kwanza niliichana mbele ya mwalimu wa darasa, nikamwomba siku tatu za kupima upya. Msichana hakuketi na wasiojua kusoma. Bado hakufikia 50, lakini alihitaji mazoezi, si kurudishwa nyuma.

Basi, ndugu msomaji, ukiletewa nyumbani hesabu ya namna hiyo, muulize mwalimu mambo mawili: je, kifungu kilikuwa kipya kwa mtoto? Na je, alijibu maswali mangapi?