Pima ua kabla mkasi haujapita

Mteja akishatanguliza pesa na bei mmekubaliana, kitambaa kikipungua unaongeza wewe fundi. Ndiyo maana huko Kiyembe sina haraka.

Wiki hii mama mmoja wa Nsambya alitaka pazia la maua. Dirisha lake lina sentimita 120, lakini mimi napima bomba: 150. Ili marinda yajae nazidisha mara mbili, 300. Hivyo ni vipande viwili vya kitambaa cha upana wa 150. Pindo za pembeni zitakula kidogo, haitaonekana.

Toka bomba hadi chini ni 210. Naongeza 10 za juu na 20 za pindo la chini: 240. Mara mbili, mita 4.8, na muuzaji alishashika mkasi.

"Sebo, ngoja kwanza."

Nikapima toka ua hadi linaporudi tena: 64. Matatu ni 192, hayafiki 240. Manne ni 256. Kwa hiyo kipande cha pili kinaanzia kwenye 256, siyo 240. La sivyo pazia mbili zikikutana katikati, ua la kushoto linapishana na la kulia kwa sentimita 16, na mgeni ataliona akiwa bado mlangoni. Cha mwisho hakidai ziada: 256 na 240 ni 496. Nilichukua mita 5 na robo, maana mkasi wa dukani hukata upande.